Kubadilisha kamera mbili katika matangazo ya moja kwa moja ya ibada ya ndoa kwa simu, kamera ya video na kompyuta mpakato moja

Ibada ninayoitumia kama mfano ilifanyika Jumamosi moja, saa nane mchana, katika kanisa la Kilutheri mjini Moshi. Shangazi wa bibi harusi alikuwa Muscat na kaka wa bwana harusi alikuwa Hamburg, na wote wawili waliomba jambo lilelile: waone nyuso wakati wa viapo na wasikie kila neno. Vifaa vilikuwa vichache, yaani kamera moja ya video yenye tundu la HDMI, simu moja ya Android, kompyuta mpakato yenye OBS Studio, programu ya bure ya kuchanganya picha na sauti na kuzirusha mtandaoni, ruta ya 4G inayotumia laini ya simu, na mtu mmoja tu wa kuviendesha vyote. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo hatua kwa hatua, kwa sababu ndio mpangilio ambao vijana wengi wa kwaya na wapiga picha wa harusi wanaweza kuupata bila kununua mtambo maalumu wa kubadilishia picha.

Kabla ya hatua yoyote ni lazima nieleze kanuni moja ambayo nilijifunza kwa uchungu. Katika ibada nyingine, miaka kadhaa iliyopita, niliunganisha sauti ya mchungaji pamoja na picha ya kamera, kisha katikati ya viapo nikahamia kwenye picha ya simu. Picha ilikuwa nzuri, lakini sauti ya mchungaji ilibaki kwenye kamera, na watazamaji wakasikia kile tu kilichonaswa na kipaza sauti cha simu, yaani mvumo wa feni na watu wakikohoa. Mama wa bibi harusi, ambaye alikuwa mgonjwa kitandani nyumbani, hakumsikia mwanawe akitamka kiapo chake, na hakuna rekodi ya kumrudishia dakika ile. Tangu siku hiyo napanga kila kitu kwa msingi mmoja: picha hubadilika, sauti haibadiliki.

## Mahali pa kusimamisha kamera

Kamera ya video, ambayo ina uwezo wa kuvuta picha karibu, ikae pamoja na mwendeshaji na kompyuta, kwa sababu ndiyo itakayogeuzwa na kuvutwa wakati wa ibada. Simu ikae mbele, kwenye stendi, ikiwa haiguswi na mtu, ikionyesha eneo lote la mbele ya madhabahu. Mgawanyo huu una faida kubwa kwa mtu anayefanya kazi peke yake: kila anapotaka kuigeuza kamera, huhamia kwanza kwenye picha ya simu, huitengeneza kamera bila mtazamaji kuona mtikisiko, kisha hurudi. Kwa namna hiyo simu haiongezi tu upande wa pili wa kutazama, bali pia inampa mwendeshaji nafasi ya kufanya kazi yake.

Upande ambao simu itasimama hauchaguliwi ovyo. Katika ibada ile bibi harusi alisimama kushoto na bwana harusi kulia, kwa jinsi waumini wanavyowaona. Walipogeukiana kwa ajili ya viapo, bibi harusi alitazama kulia, kwa hiyo simu iliyowekwa upande wa kulia, karibu na benchi la kwanza, iliuona uso wake juu ya bega la mumewe. Kamera niliiweka katika njia ya pembeni upande wa kushoto, kama mita 12 kutoka madhabahuni, nayo ikauona uso wa bwana harusi. Muulize mchungaji mapema ni nani atasimama upande gani, kwa kuwa ukikosea hapo utapata kisogo cha bibi harusi kwa ibada nzima.

Sasa fikiria mstari unaopita kutoka kwa bibi harusi hadi kwa bwana harusi wakiwa wametazamana. Kamera zote mbili zinapaswa kubaki upande mmoja wa mstari huo, yaani upande wa waumini. Wapiga picha wengi huvutiwa na nafasi iliyo nyuma ya madhabahu, kwa sababu huko nyuso zote mbili huonekana tangu maharusi wanapotembea kuja mbele. Hata hivyo, ukiiweka simu huko, bibi harusi aliyekuwa kushoto katika picha ya kamera ataruka ghafla kwenda kulia katika picha ya simu, na mtazamaji atahisi kwamba wamebadilishana nafasi. Isogeze simu mpaka ivuke mstari huo na kuwa upande wa waumini, na tatizo hilo litaisha. Aidha, wachungaji wengi hawapendi mtu au kifaa nyuma ya madhabahu, na nafasi ya pembeni haileti ubishi.

Inua stendi ya simu hadi lenzi iwe juu kidogo ya vichwa vya watu waliosimama, kwa sababu waumini wote watasimama na wapambe watapita mbele yake. Ukishaielekeza, panga picha ili kona moja iwe na kitu kinachotembea muda wote. Mimi niliiacha feni ya ukutani ionekane kwenye kona ya juu kushoto, na manufaa yake nitayaeleza nitakapofika kwenye hitilafu.

## Kuunganisha picha mbili kwenye kompyuta

Kamera inaunganishwa kwa waya wa HDMI hadi kwenye kifaa kidogo cha kunasa video, ambacho upande wake wa pili huchomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta. Kwa kuwa kamera ipo pamoja nawe, waya wa mita mbili unatosha. Ingia kwenye menyu ya kamera uzime maandishi yanayotoka pamoja na picha, kama vile alama ya betri na muda, la sivyo shangazi wa Muscat atayaona pia. Zima pia utaratibu wa kamera kujizima yenyewe baada ya muda, na uichomeke kwenye umeme badala ya kutegemea betri.

Katika OBS tengeneza ukurasa wa picha chini ya Scenes, uuite KAMERA, kisha chini ya Sources ongeza Video Capture Device na uchague kifaa chako cha kunasa. Hakikisha kisanduku cha Deactivate when not showing hakijawekwa alama. Kikiwa na alama, kifaa huzimwa kila unapohama na huwashwa upya kila unaporudi, na mtazamaji huona giza kwa sekunde moja au mbili.

Simu iko mbali mno kwa waya wa USB, kwani waya wa kawaida hauaminiki ukizidi mita tano. Kwa hiyo picha yake itasafiri kwa waifai ya ruta. Programu ninayoitumia inaitwa DroidCam: unaisakinisha kwenye simu, kisha unaongeza programu-jalizi yake kwenye OBS. Simu itaonyesha anwani yake katika mtandao, pamoja na namba ya mlango, ambayo kwa kawaida ni 4747. Tengeneza ukurasa wa pili uitwao SIMU, ongeza chanzo cha DroidCam, andika anwani ile jinsi ilivyo, kisha uwashe. Fanya jaribio siku kadhaa kabla ya harusi ili ujue kwamba toleo ulilonalo linakupa picha safi ya 720p isiyo na alama ya matangazo juu yake.

Kompyuta yenyewe isitumie waifai. Iunganishe na ruta kwa waya wa mtandao, ili picha ya simu isafiri hewani mara moja tu, kutoka kwenye simu hadi kwenye ruta. Iweke simu kwenye mkondo wa 5 GHz wa ruta, kwa sababu mkondo wa 2.4 GHz hujaa sana pale ambapo mamia ya watu wameingia na simu zao, na baadhi yao wamewasha mtandao wa kugawana. Ruta ipandishwe juu, kwenye stendi au dirishani, mahali ambapo ingekuwa na macho ingeweza kuiona simu bila kuzuiwa na nguzo. Picha inayotoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta haili bando, kwa kuwa haitoki nje ya ruta.

Simu yenyewe iandaliwe kama kifaa cha kazi hiyo moja. Iwekwe kwenye hali ya ndege na kisha waifai iwashwe peke yake, ili simu inayopigwa isikatishe picha katikati ya baraka. Ivuliwe kava, kwa kuwa saa mbili za kurusha picha huku inachaji huipasha joto, na simu iliyopata joto hupunguza kasi yake yenyewe. Funga mlengo na mwangaza, ili picha isiwe inapauka na kufifia kila mtu mwenye nguo nyeupe anapopita.

Rangi nayo inahitaji dakika chache. Dirisha la kanisa hutoa mwanga wa buluu na taa hutoa mwanga wa njano, na kila kamera ikiachwa ijiamulie, gauni lilelile litakuwa jeupe kwenye kamera na rangi ya maziwa ya moto kwenye simu. Mpe mtu karatasi nyeupe asimame mahali pa viapo, kisha rekebisha mizania ya rangi ya kamera mpaka karatasi ifanane katika picha zote mbili, na uifunge hapo. Rekebisha kamera iifuate simu, maana simu ndiyo yenye uwezo mdogo wa kurekebishwa.

## Sauti moja kwa kurasa zote

Mwombe fundi wa mitambo ya kanisa akupe mkondo wa sauti kutoka kwenye mikisa yake, kupitia tundu la kurekodia au tundu la ziada ambalo ana uwezo wa kulipunguza na kuliongeza peke yake. Usiuchomeke moja kwa moja kwenye tundu la kipaza sauti la kompyuta, kwa sababu mkondo wa mikisa una nguvu kuliko tundu hilo linavyotarajia, na sauti itatoka imepasuka. Tumia kifaa kidogo cha sauti cha USB chenye tundu linalopokea mkondo wa mikisa.

Hapa ndipo kosa langu la zamani linapozuiwa. Sauti hiyo usiiongeze ndani ya ukurasa wa KAMERA wala wa SIMU. Nenda kwenye Settings, kisha Audio, na kwenye Mic/Auxiliary Audio uchague kifaa chako cha USB. Sauti iliyowekwa hapo husikika katika kurasa zote, iwe unaonyesha kamera, simu au bango la kusubiri. Baada ya hapo, kwenye sehemu ya Audio Mixer, zima sauti ya kamera na ya simu kwa kubonyeza alama ya spika hadi iwe nyekundu. Sasa badilisha picha mara kumi huku mtu anasoma Zaburi kwenye kipaza sauti cha mimbari. Ukisikia badiliko lolote la sauti, kuna chanzo ambacho hakijazimwa.

Mikisa ina upungufu wake: haibebi sauti ya waumini wanapoimba wala vigelegele, kwa sababu hawana vipaza sauti. Ukiona ni lazima visikike, pata kipaza sauti kimoja cha pembeni na umwombe fundi akiingize kwenye mkondo wako tu, pasipo kwenda kwenye spika za kanisa. Usichanganye sauti ya mikisa na ya kamera bila kuzilinganisha, kwani zitafika kwa wakati tofauti na mahubiri yatasikika kama yanatolewa ndani ya pipa.

## Kulinganisha midomo na maneno

Picha ya kamera huchelewa kidogo kufika kwenye OBS, na picha ya simu huchelewa zaidi kwa sababu hubanwa, husafiri hewani na kufunguliwa tena. Sauti hutangulia zote mbili. Kila picha ina ucheleweshaji wake, hivyo ukiilinganisha sauti na kamera pekee, midomo itaachana na maneno kila unapohamia kwenye simu. Dawa yake ni kuisubirisha picha ya haraka ifanane na ya polepole, kisha kuisubirisha sauti ifanane nazo zote.

Tengeneza ukurasa wa muda uitwao JARIBIO, uziingize picha zote mbili kando kwa kando. Unapoziongeza chagua vyanzo ulivyokwisha kuvitengeneza, chini ya Add Existing, kwa sababu kifaa kimoja cha kunasa hakikubali kufunguliwa mara mbili. Mtu asimame mbele ya kipaza sauti cha mimbari, aonekane na kamera zote mbili, apige kofi moja kubwa kila baada ya sekunde tano. Rekodi kwa dakika moja, kisha ifungue rekodi hiyo katika programu ya kuhariri ya bure kama Shotcut, ambayo inaonyesha mawimbi ya sauti na inakuwezesha kusogea fremu moja moja.

Moshi tulirekodi kwa fremu 25 kwa sekunde, maana yake kila fremu ni milisekunde 40. Mawimbi ya kofi yalionekana kwanza. Fremu tatu baadaye, viganja vilikutana katika picha ya kamera, na fremu saba baada ya sauti vilikutana katika picha ya simu. Kwa hiyo kamera ilichelewa milisekunde 120 na simu milisekunde 280. Tofauti kati yao ni 160. Nilibonyeza kulia kwenye chanzo cha kamera, nikafungua Filters, nikaongeza Render Delay ya milisekunde 160, na kamera ikawa sawa na simu. Kisha nikafungua Advanced Audio Properties, na kwenye sauti ya mikisa, chini ya Sync Offset, nikaandika 280. Namba chanya hapo maana yake ni kuichelewesha sauti.

Namba zako zitakuwa tofauti na hizi, kwa hiyo usizinakili. Rudia kofi baada ya kurekebisha, na likikaa ndani ya fremu moja, acha. Kichujio cha Render Delay kina kikomo cha milisekunde 500, hivyo ikiwa simu imechelewa kuliko kamera kwa zaidi ya hapo, tatizo liko kwenye waifai na ndilo la kushughulikia. Ikibidi kukosea, kosea kwa sauti kuchelewa kidogo, kwa sababu macho yetu yamezoea kumwona mtu wa mbali akipiga nyundo kabla ya kuisikia, lakini hayajazoea kinyume chake.

## Kitufe kimoja cha kubadilishia

Washa Studio Mode. Skrini itagawanyika: kushoto ni picha unayoiandaa, kulia ni picha inayokwenda kwa watazamaji. Katikati kuna kitufe cha Transition, na karibu nacho kuna menyu ndogo yenye chaguo la Swap Preview/Program Scenes After Transitioning. Liwashe. Kuanzia hapo, kila unapobadilisha, picha mbili hubadilishana pande zenyewe, kwa hiyo huna haja ya kuchagua ukurasa kila mara. Nenda kwenye Settings, kisha Hotkeys, uipe Transition kitufe kimoja cha kibodi kama F9. Sasa macho yako yatabaki kwenye picha na kidole chako kwenye kitufe, na kazi yote ya kubadilisha ni kubonyeza mara moja.

Kwa namna ya kubadilisha, tumia Cut, yaani kukata moja kwa moja. Fade, ambayo huyeyusha picha moja ndani ya nyingine, inafaa wakati kwaya inaimba taratibu, lakini kwenye mazungumzo huwaunganisha watu wawili kama mizimu kwa nusu sekunde, nami siipendi wakati wa viapo.

Rudi kwenye Settings, na kwenye Video weka ukubwa wa 1280x720 na fremu 25 kwa sekunde. Namba hiyo ya 25 ina sababu: umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na kamera ikiwekwa kufunga lenzi kwa 1/50, taa za kanisa hazitapepesa wala kuchora mistari kwenye picha. Kwenye Output weka kilobiti 2500 kwa sekunde kwa picha na 128 kwa sauti, na Keyframe Interval iwe sekunde 2. Kwa kiwango hicho saa moja hutumia karibu gigabaiti 1.2, hivyo ibada ya saa mbili na nusu hutumia gigabaiti tatu. Mimi hununua bando la gigabaiti tano ili kuwe na nafasi ya majaribio.

Kasi ya kupakia inapaswa kuwa angalau mara mbili ya unachorusha, yaani megabiti tano kwa sekunde. Ipime Jumapili iliyotangulia wakati watu wamejaa kanisani, kwa kuwa kipimo cha Ijumaa jioni kanisa likiwa tupu hakikuambii lolote kuhusu mnara wa simu utakavyolemewa. Ikiwa unarusha kupitia YouTube kwa mara ya kwanza, thibitisha namba yako ya simu mapema, kwani huduma ya matangazo ya moja kwa moja huweza kuchukua hadi saa 24 kufunguliwa. Kisha nakili ufunguo wa matangazo uuweke kwenye OBS chini ya Stream, na usimwonyeshe mtu mwingine ufunguo huo.

## Ibada yenyewe

Dakika kumi kabla ya saa nane nilianza kurusha bango lenye majina ya maharusi na muda wa ibada, sauti ya kanisa ikisikika chini yake. Nilibonyeza pia Start Recording, rekodi ikiingia kwenye kompyuta kwa muundo wa mkv, ambao hauharibiki wote hata umeme ukikatika ghafla.

Maandamano ya kuingia yalionyeshwa na kamera, ikiwa imegeuzwa kuelekea mlangoni. Bibi harusi alipoikaribia kamera na kuanza kuipita, nilihamia kwenye simu, ambayo ilimwona akija mbele. Katika sekunde zile ishirini niliigeuza kamera kuelekea madhabahuni, nikaifunga stendi na kuvuta picha mpaka ikawa ya watu wawili kuanzia kiunoni. Niliiangalia upande wa kushoto wa skrini, nikangoja itulie, ndipo nikabonyeza. Mtazamaji hakuona hata mtikisiko mmoja.

Wakati wa mahubiri nilibadilisha mara tatu tu kwa dakika ishirini. Mwendeshaji mgeni huchoka na picha iliyotulia na hubonyeza kwa sababu kidole kimekaa bure, ilhali mtazamaji anayesikiliza neno hahitaji kurushwa huku na huku. Badilisha pale ambapo jambo limebadilika: msemaji mpya ameanza, waumini wamesimama, mtu amecheka au amelia. Na unapobadilisha, fanya hivyo mwisho wa sentensi, si katikati ya neno.

Viapo nilivipanga mapema na mchungaji, nikijua kwamba bwana harusi angetangulia. Kamera ilikuwa kwenye uso wake alipoanza. Alipomaliza, mchungaji alivuta pumzi na kumgeukia bibi harusi, na pumzi hiyo ndiyo nafasi yenyewe: nilibonyeza, na bibi harusi akaanza kusema akiwa tayari kwenye picha ya simu. Wakati anasema, niliivuta kamera hadi kwenye mikono yao, kwa ajili ya pete. Pete ya kwanza ilipotolewa kwenye kisahani, nilirudi kwenye kamera, na nikakaa hapo mpaka pete zote mbili zimevikwa, bila kubadilisha, kwa sababu tendo lile halirudiwi na kila kubonyeza ni nafasi ya kulikosa.

Kusaini cheti cha ndoa huchukua muda mrefu kuliko watu wanavyofikiri, na meza huwa mahali ambapo simu haioni vizuri. Hapo niliionyesha kwaya kwa simu na meza kwa kamera kwa zamu, kila moja kwa takriban dakika moja.

Jambo moja kuhusu nyimbo: muziki uliorekodiwa na msanii, ukipigwa kwenye spika wakati wa kuingia au kutoka, unaweza kutambuliwa na YouTube na matangazo yakakatizwa au picha ikafunikwa. Kwaya ikiimba yenyewe hatari hiyo hupungua, na ni vyema kuwaeleza maharusi wanapopanga utaratibu.

## Jinsi ya kutambua hitilafu

Hitilafu iliyo mbaya zaidi katika mpangilio huu ni picha ya simu kuganda, kwa sababu haionekani kama hitilafu. Waumini wameketi, mchungaji anasoma, kila mtu ametulia, na picha iliyoganda inafanana kabisa na picha hai. Ndiyo maana niliiacha feni kwenye kona. Kabla ya kila kubonyeza kwenda kwenye simu, niliitazama feni: ikiwa mapanga yake yanazunguka, picha iko hai. Wakati wa somo la pili yalisimama. Nilibaki kwenye kamera, nikaifungua mipangilio ya chanzo cha DroidCam, nikakizima na kukiwasha tena, na baada ya sekunde chache feni ikaanza kuzunguka. Baada ya tukio kama hilo, linganisha tena kwa macho midomo na maneno, kwa kuwa ucheleweshaji wa waifai huweza kurudi ukiwa tofauti kidogo.

Mtandao wa nje ukidhoofika, dalili huonekana chini ya dirisha la OBS, ambapo hesabu ya Dropped Frames huanza kupanda. Hilo halihusiani na kamera wala simu yako, kwa hiyo usiziguse. Ni vyema kuwasha mapema, kwenye Settings na kisha Advanced, chaguo linaloruhusu OBS kupunguza kiwango cha picha mtandao unapobanwa. Ikiwa hesabu hiyo iko sifuri lakini picha inakwamakwama, fungua dirisha la Stats: kompyuta yenyewe ndiyo imelemewa, na dawa ni kufunga kivinjari na programu nyingine zote.

Usijaribu kufuatilia matangazo yako mwenyewe kwenye simu nyingine ukiwa kanisani, kwa sababu yanachelewa kwa sekunde nyingi na yatakuchanganya. Mteue ndugu mmoja aliye mbali awe mtazamaji wako, akutumie ujumbe mfupi kukiwa na tatizo tu. Kwetu alikuwa kaka wa Hamburg, na ujumbe wake pekee ulisema sauti ya kwaya ni kubwa mno, jambo ambalo fundi wa mikisa alilirekebisha kabla ya ubeti wa pili.

Maharusi walipotoka nje, nilibaki kwenye picha ya simu, mabenchi yakiwa yanaachwa wazi, kwa karibu dakika moja, kisha nikarudisha bango. Bonyeza kwanza Stop Streaming, uhakikishe kwenye ukurasa wa YouTube kwamba matangazo yamefungwa, ndipo ubonyeze Stop Recording. Usizime kompyuta kabla hujaifungua rekodi na kuisikiliza sehemu ya viapo. Maharusi wakihitaji faili la mp4, fungua menyu ya File, uchague Remux Recordings, na rekodi ya mkv itageuzwa kwa dakika chache bila kupoteza ubora wake.